Kumngoja Mtoto Ajibu

Nilisafiri siku mbili kutoka Lodwar hadi Kibirichia ili mtoto wa dada yangu anizoee kabla sijatangatanga tena. Alikuwa na miezi minne. Nilimwinamia nikammwagia salamu: hujambo, umelalaje, unanijua mimi? Akageuza uso ukutani. Wiki nzima ikawa hivyo, nami nikachoka.

"Huyu mtoto ana maringo," nikamwambia mama yangu, aliyekuwa akimenya viazi.

"Maringo ni yako. Unamuuliza, unajijibu, unauliza tena. Yeye aongee saa ngapi?"

"Mama, hajui kuongea!"

"Msalimie mara moja, halafu ufunge mdomo."

Nikamsalimia, nikanyamaza kwa hasira. Mtoto akanitazama mdomoni, akapiga mateke, akatoa "aguu" ndefu. Nilitaka kudakia, mama akaniinulia kisu. Mtoto alipomaliza nikamjibu, "Kumbe!" Akatulia kidogo akinitazama, kisha akasema tena.

Siku niliyoondoka, lori la viazi lililokuwa linibebe lilinipigia honi barabarani. Nilikuwa nimeshamsalimia. Dereva alitukana, lakini sikutoka mlangoni, kwa sababu mtoto alikuwa bado anajibu.