Siku Niliyomnyamazisha Kasuku

Wifi yangu tulimbatiza Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Ni msusi, anasuka vichwa vitatu huku akisimulia ndoa za mtaa mzima. Na mbio anazipenda kuliko kula. Alipopata mimba, kaka yangu akanitupia mzigo: "Dada, kimbia naye wewe. Mimi mapafu yatapasuka bure."

Mkunga wa kliniki alimpima, akaona yuko salama, akasema kwa kuwa amezoea aendelee, ila polepole. "Kipimo ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukikata pumzi, tembea." Nilicheka mpaka machozi. Kipimo hicho, kwa Kasuku!

Miezi ya kwanza tulikimbia barabara ya lami, asubuhi kabla jua halijawaka. Mwezi wa tano nyonga zikaanza kumuuma, tukahamia kwenye nyasi za uwanja wa shule, hatua fupi fupi, tumbo limeshikiliwa na mkanda. Wa sita tukawa tunakimbia dakika mbili, tunatembea mbili. Chupa ya maji naibeba mimi. Anakunywa kabla, katikati na baada. Mkojo ukikolea rangi ananitangazia bila haya, namwongezea maji. Na muda wote anaongea, jamani, anaongea!

Mwezi wa saba, asubuhi moja, niliamka na kisirani changu. Akaanza habari za mteja na nywele zake za bandia. Nikamkatiza: "Wifi, hebu nipumzishe! Funga mdomo hata leo tu."

Akafunga. Tukazunguka uwanja mara mbili kimya, nami nafurahia, mjinga mimi. Mzunguko wa tatu nikageuka kumpa chupa, nikamwona ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Una nini?"

"Linakaza. Linaachia, linakaza tena. Tangu mzunguko wa kwanza."

"Na hukusema?"

"Si umeniambia ninyamaze?"

Nikamkalisha, nikampa maji, nikamuuliza kama kuna damu au majimaji yanayovuja. Hakuna. Lakini tumbo likakaza tena. Sikungoja, nikasimamisha gari la kwanza lililopita.

"Ongea, wifi," nilimsihi njiani. "Sema chochote." Akanishika mkono tu.

Mkunga alisikiliza mapigo ya mtoto, akamchunguza: njia ya uzazi bado imefunga. Akamtundikia dripu. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limetulia. "Mmefanya vizuri kuja upesi," alisema. "Ila mbio basi, mpaka ujifungue na niseme mimi."

Nilidhani atabisha. Alifuta machozi, akasema, "Mbio nitazikuta."

Mtoto amezaliwa mwezi wa tisa, kilo tatu na ushee, sauti kama ya mama yake. Leo nimempakata, nikamwomba Kasuku anisimulie zile nywele za bandia, tangu mwanzo. Habari yenyewe ndefu, haina kichwa wala miguu. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi nilimwambia, "Endelea, wifi."