Mstari wa Chini

Bado nashtuka nikikumbuka. Mimi, mwanamke mzima mwenye saluni yake hapa Juba, sokoni Konyo Konyo, niliyetoka Uganda na mabegi mawili nikasimama mwenyewe, niliishiwa maneno mbele ya mtoto wa miaka minne.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu. Binti yangu aliolewa Uturuki, na huyo msichana wake anajua Kituruki tu. Kila tulipoongea kwa video, binti yangu alikaa katikati: mimi nasema, yeye anatafsiri; mtoto anajibu, anatafsiri tena. Mtoto akawa anachoka. Ikafika mahali akiniona tu kwenye simu anakimbilia midoli yake. Iliniuma, sitaficha. Nikaona huyu atakua bila bibi. Nikaapa nitajifunza Kituruki niongee naye mwenyewe.

Binti yangu akanielekeza programu ya kuweka kwenye simu. Unaangalia tamthilia ya Kituruki, na chini ya picha maneno yanatokea kwa mistari miwili: juu Kituruki, chini Kiingereza. Ukigusa neno unapewa maana yake. Ukitaka, unaficha mstari wa chini, unabaki na Kituruki peke yake.

"Mama, ule wa chini uwe unauficha," alinishauri.

Nikasema sawa. Nani aufiche, na hadithi imenoga vile?

Kilichoniponza ni saluni. Niliunganisha simu na televisheni ili niangalie huku nasuka. Wateja wangu wengi ni Wasudani Kusini waliokulia Uganda, na wamezoea filamu za VJ, yule jamaa wa kibanda cha video anayetafsiri kwa kipaza sauti juu ya sauti za waigizaji, na chumvi yake anaongeza. Haukupita muda, mteja mmoja akaniambia, "Mama, tuambie basi, huyo mwanaume iko nasema nini?"

Nikasoma mstari wa chini, nikamwambia kwa Kiswahili. Mwingine akataka Kiarabu cha Juba, nikachanganya. Basi nikawa VJ. Nalia kama mke, nanguruma kama mume, natukana kama mama mkwe, na kitana mkononi. Walikuja hata wasiosuka, wakajaa kwenye benchi. Mtu akiniuliza kama Kituruki nimekijua, najibu, "Kwes, vizuri kabisa! Naelewa kila kitu."

Na niliamini, jamani. Tamthilia ya kwanza niliimaliza yote, nikaanza nyingine.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nikampigia binti yangu kutoka nyumbani, mtaa wa Gudele. "Leo wewe toka," nikamwambia. "Niachie mtoto."

Alicheka, akaegemeza simu mezani, akaenda jikoni. Mjukuu wangu akaketi. Nikamsalimu kwa Kituruki, akatabasamu mpaka moyo ukanidunda. Halafu akaanza kuongea, mikono inaruka, hadithi ndefu kabisa. Mimi nikasubiri. Unajua nilisubiri nini? Macho yangu yalishuka yenyewe chini ya uso wake, yakatua kwenye kifua cha gauni lake, yakasubiri maandishi yatokee. Hayakutokea. Sikushika hata neno moja!

Mtoto akaikatiza hadithi yake. Akasema maneno mawili, akayarudia huku akipiga meza. Kisha uso ukamkunjika, akamwita mama yake.

Binti yangu akaja mbio. "Mama, mbona humwangalii? Anakuambia umtazame. *Bana bak*. Si yamo kwenye kila tamthilia?"

Yamo. "Nitazame mimi!" nilikuwa naipigia kelele saluni kwa Kiswahili, mpaka wateja wanaiitikia. Kwa Kituruki sikuwa nimewahi kuisikia. Ningeisikiaje? Kila mwigizaji alipofungua mdomo, na mimi nilifungua wangu.

Jumatatu nikauficha mstari wa chini na mdomo nikaufunga. Saluni ikachafuka.

"Ya mama, leo iko nini? Tafsiri!"

"Kalas, imetosha," nikasema. "Leo tunasikiliza."

Nikashtuka upya. Maneno yalipita kama mvua juu ya mabati, sikujua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Miezi yote ile nilikuwa nasoma Kiingereza tu, basi! Mteja niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa akatishia kwenda saluni ya jirani. Nikaendelea kusuka, masikio yakiwa kwenye televisheni.

Ndipo mke wa kwenye tamthilia akamshika mumewe mashavu kwa mikono miwili. "*Bana bak*," akamwambia.

Niliisikia. Kwa masikio yangu, wazi kabisa. Nikaziachia nywele za watu.

"Nakutazama, mjukuu wangu," nikajibu kwa sauti, machozi yananitoka, na wateja wote wakageuka kuniangalia.