Mablanketi Yaliyopungua Changamwe

Vita vikuu vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini uhaba wa vitu haukwisha. Nilikuwa karani wa ghala katika hospitali ndogo ya misheni, Changamwe. Wagonjwa wetu wengine walilala bila cha kujifunika, kwa hiyo lori lilipoingia alasiri moja na mzigo wa mablanketi na makasha ya dawa, nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Mtoto wangu alikuwa na homa, sikuwa nimelala usiku, na macho yalikuwa yakijifumba nikiwa nimesimama.

Dereva, baba wa makamo kutoka Rabai, alishuka amejishika kiuno. Alikuwa ameshinda bandarini akingoja mzigo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie sahihi niende zangu. Nimechoka."

Kasha moja lilikuwa limelowa pembeni, likinuka spiriti. Tulipolifungua, chupa nne zilikuwa vipande. Tukafungua robota la mablanketi, tukahesabu, tukarudia. Hati ilisema ishirini na manne. Yalikuwa kumi na manane.

Dereva akaketi chini palepale.

"Watasema nimeuza njiani. Mwenzangu alifukuzwa kwa gunia moja la sukari. Andika yametimia, mwanangu. Hayo mengine mtayadai baadaye."

"Nikishaandika yametimia, baba, nitadai nini tena?"

Nilimwonea huruma, na kusema kweli kalamu ilikuwa nyepesi kuliko ubishi. Lakini niliwafikiria waliolala wodini, nikaligeuza lile robota tena. Nilikuwa nimekata mikanda yake ya chuma kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla sijaikata ilikuwa mizima, na mshono wa gunia lililofunika robota haukuwa umeguswa.

"Njoo uone," nikamwambia. "Hili halikufunguliwa njiani."

Nikaandika hivyo katika hati ya kupokea mizigo: yaliyotakiwa, yaliyofika, yaliyopungua, chupa zilizovunjika, kasha kulowa, mikanda na mshono vizima. Nikaandika maneno yayo hayo kwenye nakala yake, tukatia sahihi sote wawili.

"Nisomee hapo penye mikanda," akasema. Nikamsomea. "Tena." Nikamsomea tena.

Sista mkuu akatia sahihi barua fupi kwa muuzaji wa mzigo ule: tumekubali vilivyofika vizima, vilivyovunjika na vilivyopungua hatukuvikubali, tunaomba vingine, kasha na vipande tumeviweka mje mkague.

Muuzaji alikubali kwamba mablanketi yalipungua wakati wa kufunga, akaleta sita mengine. Aliyeyaleta ni dereva yuleyule. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akauliza hali ya mtoto, nikamwambia amepona.

Chupa hazikuja kamwe. Muuzaji alimsukumia lawama mwenye meli, mwenye meli akawasukumia makuli wa bandarini. Hakuna aliyekuja kukagua. Tuliandika barua nyingine, kisha nyingine, mpaka siku moja sista akalitazama lile kasha mlangoni, akashusha pumzi.

"Kavifukie vipande hivyo," akaniambia, "kabla hajakatwa mtu."

Nikachukua jembe.