Kifo Kilichoachwa Nje ya Slaidi ya Tisa

Vasugi alikuwa akisoma kinyumenyume. Kila wasilisho alilianza kwa slaidi ya mwisho akarudi hadi ya kwanza, rula mkononi, kwa sababu ukianzia mwanzo maelezo yanakubeba na macho yanalala. Alijifunza hivyo alipokuwa msahihishaji wa gazeti hapa Chennai. Sasa ana miaka hamsini na sita, na vijana wa kampuni ya takwimu anakofanya kazi humtania kwamba hata kadi za harusi huzisoma kuanzia chini.

Asubuhi hiyo alipewa wasilisho la jaribio la dawa ya moyo katika hospitali mbili. Saa nane mchana lilikuwa liende mbele ya kamati ya usalama wa wagonjwa, na kamati ilishaweka mpaka: vifo vikifika kumi na viwili, dawa inasimamishwa ichunguzwe.

Akaandika kwa penseli: slaidi ya 5 inasema "wagonjwa", ya 8 "washiriki", lichaguliwe moja. Slaidi ya 3, jaribio lilianza tarehe 3 Machi. Ya 9, tarehe 3 Aprili. Slaidi ya 3, vifo 12. Ya 9, vifo 11. Hapo akamwita mkuu wa timu.

"Dada Vasugi, chati ya slaidi ya tisa ndiyo mpya," alisema Prabhakaran, mkuu wa timu. "Andika kumi na moja kote, tumalize."

"Sir, mimi sichagui namba. Naorodhesha zinazogombana, wewe unaniletea chanzo."

"Saa hizi? Unataka kuniua?"

"Nataka rejesta ya wagonjwa."

Akaileta huku akinung'unika. Vasugi alishusha rula mstari kwa mstari. Hospitali ya kwanza ilianza Machi, ya pili Aprili, na aliyechora chati alihesabu tangu zote mbili zilipokuwa kazini. Mstari mmoja ulibaki nje ya hesabu: mwanamke, miaka thelathini na mmoja, amefariki tarehe 27 Machi.

Prabhakaran akavuta kiti, akakaa.

"Chati nimechora mimi," alisema polepole. "Lakini sikumficha, dada. Naapa."

"Najua, sir. Ungekuwa unaficha, ungebadilisha na slaidi ya tatu."

Prabhakaran akainamia rejesta. "Anaitwa nani?"

"Rejesta haina majina."

Vasugi alihuzunika, akachukua penseli. Akaandika: slaidi ya 9, tarehe iwe 3 Machi, vifo 11 viwe 12, chati ichorwe upya, chanzo ni rejesta, mstari wa 212. Prabhakaran akarekebisha mwenyewe, kisha Vasugi akalisoma wasilisho tena, kuanzia mwisho.

Kabla ya saa tisa kamati iliisimamisha dawa. Jioni, katika hospitali zote mbili, wauguzi walipita kitanda hadi kitanda wakikusanya vidonge ambavyo wagonjwa walikuwa wavimeze baada ya chakula.