Dakika Kumi Kuhusu Ngazi

Injinia alinipigia simu Jumamosi nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu. Alitaka Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajashika mwiko, nizungumze na mafundi kuhusu usalama wa ngazi. Dakika kumi, hoja chache, maswali mawili matatu, kisha kila mtu atie sahihi. Mazungumzo ya namna hiyo yeye huyaita tulboksi. Tangu tuanze lile jengo nilikuwa nimeyaendesha mara moja tu, na siku hiyo tuliongea kuhusu gambuti.

Nilikuwa fomani. Tulikuwa tunajenga maduka ya ghorofa moja Busia, upande wa Uganda, nyuma ya pale malori yanapopanga foleni kungoja forodha. Walikuwa wamebaki watu tisa chini yangu. Hadi Jumatano walikuwa kumi. Wa kumi alikuwa mwashi kutoka Mella, mtu wa maneno machache na ukuta ulionyooka. Alianguka kutoka kwenye ngazi akikaribia kufika juu, akapiga kisogo kwenye rundo la matofali. Tulimfikisha hospitali akiwa anapumua, na jioni ileile akafa.

Kwenye mazishi sababu ilikuwa imeshapatikana. Watu walisema alikuwa amelewa. Jumanne jirani yake alikuwa na sherehe, chungu cha pombe ya wimbi kimekaa katikati na watu wameshika mirija, na yeye alionekana pale. Hayo yalitosha. Mjane wake alinifuata nilipokuwa naondoka. "Baba," aliniambia, "wewe ndiye ulikuwa naye. Alikuwa amelewa?"

Nikamjibu, "Mama, tumwache apumzike."

Hilo ni jibu la mwoga, na nililijua wakati linanitoka. Asubuhi ya Jumatano nilisimama naye karibu kuliko nilivyosimama na mjane. Alinukia sabuni. Macho yake yalikuwa meupe na mkono wake haukutetemeka. Lakini nilimwacha yule mama arudi kwa watu wake na jibu linaloweza kuwa ndiyo.

Jumapili mchana nikajifungia kwenye stoo ya saruji, nikakalia mifuko, nikafungua daftari. Hoja ya kwanza niliyoiandika ilikuwa hii: usipande ngazi ukiwa umelewa.

Niliitazama muda mrefu. Ni hoja ya kweli na hakuna injinia atakayeipinga. Ila kuiweka juu kabisa, siku mbili baada ya kuzika, ni kuwaambia wale tisa kwamba mwenzao alijiua mwenyewe. Nikaihamishia ya nne, nikaona bado inasema lilelile. Nikaikata kwa mistari miwili, nikajiona mtu mwema kwa kama dakika moja.

Nyingine zilikuja zenyewe, maana kazi naijua. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu na sawa, si juu ya tofali wala karai lililopinduliwa. Kila futi nne za kwenda juu, mguu wake utoke futi moja kutoka ukutani. Kama huna tepu, weka vidole vya miguu kwenye mguu wa ngazi, simama wima, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikikigusa kipago, pale unapokanyagia, mwinamo uko sawa. Kichwa cha ngazi kipite futi tatu juu ya mahali unaposhukia, na kifungwe kamba kisiteleze. Mtu mmoja kwa wakati mmoja. Panda na ushuke ukiielekea ngazi, na muda wote viungo vitatu viishike, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Kwa hiyo karai la mota, saruji iliyochanganywa na mchanga, halipandi na mtu. Litavutwa kwa kamba. Kazi ya kutwa nzima si ya ngazi, ni ya jukwaa. Na ngazi isikae karibu na nyaya za umeme.

Kisha nikaandika: kagua ngazi kabla ya kupanda. Hapo kalamu ikasimama.

Sisi ngazi hatununui. Fundi wa mbao anachukua miti miwili ya mkaratusi, anaipigilia vipago kwa misumari, na kufika saa nne watu wanapanda. Mchwa wa huku hawachezi, mti uliolala chini wiki mbili unabaki unga. Ndiyo maana tuna desturi ya kuomba oili chafu kwenye gereji za malori na kuipaka ngazi yote. Mimi niliishika desturi hiyo kama dini. Kila ngazi yangu ilipakwa mara mbili, ikang'aa nyeusi, na wageni wakisifu. Vitabu vya usalama vinakataza kupaka ngazi ya mbao rangi, kwa sababu rangi inaficha nyufa. Oili chafu ni rangi ya maskini, na juu ya kuficha inatelezesha. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali fulani. Nililiona ni la watu wasio na mchwa.

Jumanne yule mwashi alinijia. "Fomani, hii ngazi iko nalia."

Nilikwenda. Niliipiga teke, nikakanyaga kipago cha chini, nikaona weusi unaong'aa. Nikamwambia ngazi zote hulia.

Jumatano asubuhi akarudi. "Kile kipago ya juu iko nacheza. Mimi naona tutengeneze kwanza."

Linta za juu ya milango zilikuwa zinangoja na nilikuwa na hasira za mambo yangu. Nikamjibu kwa sauti, ili wengine wasikie, "Kama unaogopa, shuka ukachanganye mota na mama." Mama ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Dabani, anayetuletea maji na kuchanganya mota. Watu wakacheka. Mwashi naye akacheka kidogo, akachukua mwiko, akapanda.

Alhamisi nilikiokota kile kipago kilichovunjika, nikakisugua kwa mafuta ya taa. Ufa ulipita kwenye tundu la msumari. Nusu ya ufa ilikuwa nyeupe, mbao mbichi iliyopasuka siku ileile. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi hadi ndani, maana oili ilikuwa imeingia. Ufa ulikuwepo kabla hatujapaka. Kila fundi anaijua methali ya ufa na ukuta. Mimi wangu niliupaka oili. Nikakizungushia gazeti na kukificha nyuma ya mifuko, na Jumapili nilipokuwa naandika hoja zangu kilikuwa mgongoni kwangu.

Nikaandika hoja ya mwisho: ukiona kasoro usipande, sema. Nikaandika na maswali. Mguu wa ngazi unatoka ukutani kiasi gani? Viungo vitatu ni vipi? Ukiona ngazi ina kasoro utafanya nini? Pembeni ya swali la tatu nikaweka jibu sahihi: nitamwambia fomani. Nikapiga picha ukurasa, nikamtumia injinia. Akajibu, "Safi. Fupi."

Jumatatu walisimama nusu duara mbele ya ngazi mpya ya aluminiamu aliyoileta injinia. Injinia mwenyewe alisimama pembeni na karatasi ya sahihi. Nilionyesha mwinamo, nikafunga kamba, nikapanda vipago vinne na kushuka nikieleza mikono na miguu. Nilieleza vizuri. Najua kueleza. Swali la kwanza lilijibiwa, la pili likajibiwa na watu watatu kwa pamoja. Nikauliza la tatu. Walitazama chini pale penye mchanga mpya tuliomwaga kufunika damu.

Mama ndiye aliyejibu, ndoo ikiwa bado mkononi. "Naambia fomani."

"Sawasawa," nikasema.

"Na kama fomani nasema panda?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Injinia alinyanyua uso kutoka kwenye karatasi yake. Niliona nikisema "swali zuri" na kupita, mambo yangepita. Hakuna mtu pale angenizuia, kwa kuwa kazi za wote zilikuwa mkononi mwangu. Nilitamani sana kupita.

Nikaingia stoo, nikatoka na kile kipago. Nikakifungua kwenye gazeti na kuwaonyesha nusu nyeupe na nusu nyeusi. Nikawaambia oili niliagiza mimi. Nikawaambia marehemu alinieleza Jumanne, akanieleza tena Jumatano, nami nikamfanyia mzaha, na mzaha wenyewe waliusikia. Nikasema hakuwa amelewa.

Mwashi mzee kuliko wote, mtu wa Majanji aliyeacha nyavu za samaki akashika mwiko, akasema, "Basi andika hiyo. Hapo kwa karatasi hakuna."

"Niandike nini?"

"Kwamba hatupandi, hata wewe ukisema."

Injinia alianza kusema kwamba fomu ina utaratibu wake. Yule mzee akasema basi wao hawatii sahihi. Wenzake hawakumpinga. Nikaichukua karatasi, nikaandika chini ya hoja ya mwisho: fomani akisema panda, usipande. Wakatia sahihi mmoja mmoja, mama akaweka dole gumba. Tukazikata ngazi zote nyeusi vipande vipande, na siku hiyo hakuna tofali lililopanda. Saa sita injinia akanipa ruhusa ya kwenda Mella, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua kama nitarudi kuwa fomani.

Nilimkuta mjane amekaa mbele ya nyumba na mashemeji wawili na majirani kadhaa, wale wale wa mirija. Nilikataa kiti. Nilisema hakuwa amelewa, ngazi ilikuwa na ufa, ufa niliuficha mimi bila kujua, na aliponiambia sikumsikiliza. Shemeji mmoja alisimama. Mjane akamwonyesha kwa kiganja akae.

"Sema tena," aliniambia, "hawa wote wasikie vizuri."

Nikasema tena, yote, pamoja na mzaha. Majirani walitazama pengine.

Akaniuliza, "Alikuambia mara ngapi?"

"Mara mbili. Jumanne, na Jumatano asubuhi."

Akakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Ile ya Jumatano ni mimi nilimtuma," akasema. "Yeye alisema umeshakataa, hakutaka kurudi. Nikamwambia, fomani ni mtu mzima, mwambie tena, atakusikia."