Alhamisi ya Mama Pasi

Wenzake walimwita Mama Pasi, na jina hilo hakupewa bure. Miaka mitatu alisimama kwenye kiwanda cha kufulia akinyoosha mashuka ya hoteli, na shuka lililopita mkononi mwake hukuti kunjo hata ukitafuta kwa tochi. Siku sita za wiki alikuwepo. Siku ya Alhamisi pasi yake ilikaa baridi na hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alijua: Alhamisi ilikuwa ya mama yake.

Mama yake alikuwa amepooza upande wa kulia. Hospitali ilikuwa na siku moja tu ya mazoezi ya viungo, nayo ni Alhamisi, na wa kumnyanyua kitandani, kumvisha na kumfikisha alikuwa binti yake huyo huyo, hakuna mwingine. Akikosa wiki mbili, mguu unakakamaa na yote yanaanza upya. Kwa hiyo usimwambie Mama Pasi habari ya kubadilisha siku.

Basi akaja meneja mpya, akamwambia abadilishe siku.

"Kuanzia wiki ijayo utapumzika Jumatatu," alisema, ameshika karatasi. "Alhamisi tuna mzigo mkubwa wa hoteli."

"Bosi, Alhamisi ni yangu. Nilipewa siku nilipoajiriwa."

"Na nani?" Meneja akamgeuzia karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wenye kampuni, ambayo Mama Pasi hakujua hata neno la salamu. "Hapa panasema siku ya mapumziko inapangwa na kampuni. Na hii hapa chini ni sahihi ya nani? Ya jirani yako?"

Sahihi ilikuwa yake, tena na ule mkia mrefu anaopenda kuuweka. Wenzake walijifanya wana kazi nyingi ghafla. Meneja akamalizia kwamba asiyekuja Alhamisi amejifukuzisha mwenyewe, akaenda zake.

Sasa wewe msomaji utasema, kwa nini mtu mzima anatia sahihi asichoweza kukisoma? Haya, nenda wewe ukaombe kazi, umekalishwa kibarazani na watu kumi na nne, kalamu moja inazunguka, halafu useme ngoja kwanza nijifunze lugha. Mama Pasi hata hivyo hakusaini kibubusa. Siku ile aliyewapokea alikuwa msimamizi, mzee wa pale kiwandani, na ndiye aliyewaeleza mkataba kwa Kiswahili, karatasi mkononi, hata hakohoi. Saa za kazi, mapumziko, kuaga mwezi mmoja kabla ya kuacha. Mama Pasi alinyoosha mkono akasema, "Mzee, mimi bila Alhamisi sitii sahihi." Msimamizi akaangalia karatasi, akagusa mstari kwa kidole, akajibu, "Imo humu, mwanangu. Weka tu." Akaweka.

Jioni alimsimulia mama yake. Mama mtu, ambaye nusu ya mdomo wake ilikuwa haifanyi kazi lakini ile nusu nyingine ilifanya kwa zote mbili, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi niache," alisema. "Mguu wenyewe umezeeka."

"Mama, usinitibue. Nishatibuliwa vya kutosha leo."

Alitoa kopi ya mkataba kwenye kopo la biskuti, akatoa na kadi ya kliniki ya mama yake iliyokaa nayo, akapiga moyo konde. Jumatatu, siku ile aliyopangiwa kupumzika, alikuwa mbele ya afisa kazi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye bahati nzuri lugha ile aliijua.

Mama Pasi alikuwa amejiandalia hoja moja tu, ameikariri njiani. "Dada, mimi sikuweza kuisoma. Kwa hiyo hainifungi, sivyo?"

"Polepole, dada yangu," afisa alisema. "Ukisema karatasi yote haikufungi, kesho na wao watasema hawakukuajiri. Kutokujua kusoma peke yake hakufuti sahihi. Kuaga mwezi mmoja, ulielezwa?"

"Nilielezwa."

"Ukakubali?"

"Nikakubali."

"Basi hilo linakufunga, hata kama hukusoma. Na siku ya mapumziko, kweli imeandikwa kwamba inapangwa na kampuni. Lakini sheria inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi masharti kwa lugha anayoielewa, na hapo mzigo ni wao kuonyesha walieleza nini." Akasogeza kidole mpaka chini kabisa ya karatasi. "Hapa pameandikwa kwamba ulielezwa yote kwa lugha unayoielewa. Aliyesaini kuwa ndiye aliyeeleza ni huyu. Nani huyu?"

Mama Pasi aliijua sahihi ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye daftari la mahudhurio kila siku. "Msimamizi," alisema.

Wito ukaandikwa, kampuni ikaitwa Jumatano. Meneja alikuja, na msimamizi nyuma yake, kofia mkononi. Afisa aliwaambia mapema kwamba yeye si hakimu, kazi yake ni kusuluhisha. Wakishindwa kuelewana, wataenda mahakama ya kazi. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Mzee, ulimweleza nini kuhusu siku ya mapumziko?"

Meneja aliingilia. "Alimweleza kilichoandikwa."

"Nimemuuliza mzee."

Msimamizi aliikunja kofia, akaikunjua. Mama Pasi alimkazia macho. Alijua huyu naye ana unga wa kumwagika, na alimhurumia, kweli alimhurumia, ila macho hakuyaondoa.

"Nilimwambia Alhamisi imo," mzee alisema.

"Uliisoma wapi?"

Mzee akajibu taratibu: "Sikuisoma. Mimi lugha hii siijui. Meneja wa kwanza kabisa alinieleza mara moja, nikashika kichwani. Ndiyo ninayowaambia wote, miaka tisa sasa."

Meneja ametamba na karatasi wiki nzima, kumbe anayeieleza kwa niaba ya kampuni hajui kuisoma!

Mama Pasi akaweka kadi ya kliniki mezani. Muhuri baada ya muhuri, Alhamisi tupu, miaka mitatu. "Na daftari lenu linasema hivyo hivyo," alisema. "Mlinikubalia kwa mdomo, mkanikubalia kwa vitendo. Mwezi wa kuaga nitauheshimu siku nikiondoka. Na ninyi heshimuni Alhamisi."

Afisa alimwambia meneja bila kupandisha sauti kwamba yuko huru kwenda mahakamani, ila huko swali litakuwa lile lile, na shahidi wake wa maelezo ndiye huyu mzee. Meneja alitoka nje kupiga simu. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alisema, "Andika Alhamisi."

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili. Meneja akasaini haraka, akamsogezea Mama Pasi kalamu. Mama Pasi hakuishika. Aliivuta karatasi, akaanza juu kabisa, kwenye tarehe, akasoma kila mstari kwa sauti, na meneja akasubiri. Alipofika kwenye neno Alhamisi alilisoma mara mbili. Ndipo akatia sahihi, na mkia wake.

Walikuwa wanainuka pale msimamizi alipobaki kitini. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyochakaa mikunjo, lugha ile ile, akaitandaza mbele ya afisa kwa mikono miwili.

"Huu ni wangu mimi," alisema. "Nina miaka tisa nao. Nisomee, mama, nijue nilikubali nini."