Ukurasa wa Kwanza Mpaka wa Nane

Hata leo nikiona stensili, hasira inanipanda. Vijana hawaijui: karatasi ya nta inayotobolewa na mashine ya kuandika, kisha unaizungusha kwenye mashine ya wino na kurasa zinatoka. Ndivyo jarida letu la utafiti lilivyochapishwa Bunia, kwenye chuo nilikofundisha miaka ya sabini nikiwa asistanti, yaani mwalimu msaidizi. Karatasi ilikuwa shida, kwa hiyo kila mwandishi alipewa kusahihisha kurasa zake tu. Makala ikiwa ya watu wawili, kila mmoja anasoma sehemu yake, anatia sahihi, basi.

Katika makala niliyoandika na shefu wangu, mkuu wa idara, mimi nilisoma ukurasa wa tisa mpaka wa ishirini. Hizo zilikuwa jasho langu: misimu miwili ya kiangazi nikipanda vilima vya Fataki asubuhi na mapema, nikipima maziwa ya kila ng'ombe mbele ya mfugaji wake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kurasa nane za kwanza, historia ya malisho, ziliandikwa na shefu. Jina lake lilitangulia, ndiyo ilikuwa desturi. Sikulalamika. Nilihitaji makala ile moja tu ili nipandishwe daraja, niache kuwa asistanti wa kubebeshwa vitabu vya wenzangu.

Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka Kisangani. Mwalimu mmoja wa huko alikuwa amepanga maneno kwa safu mbili: kushoto kurasa za shefu wangu, kulia ripoti ya zamani ya bwana kilimo mmoja wa wakati wa Wabelgiji. Neno kwa neno! Na ripoti yenyewe haikutajwa popote.

Shefu akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mutoto yangu, weye ungali kijana. Useme ile historia uliniandalia weye. Kwako itapita. Miye, doktora yangu iko inangoja."

"Muzee, ile historia sikuiona hata siku moja."

"Jina lako iko juu yake."

Aka! Nilitoka bila kuaga. Mtu aliyenifundisha kutaja chanzo cha kila sentensi! Nikapanda baiskeli yangu, nikaenda zangu.

Kamati ya jarida ilikutana. Sekretari wetu, mama mmoja asiyetupa hata kipande cha karatasi, akaleta maandishi ya mkono ya shefu na zile kurasa za kusahihisha, nane zikiwa na sahihi yake, kumi na mbili zikiwa na yangu. Wakaona wote. Hakuna aliyebisha. Halafu wakachapa tangazo: makala imeondolewa kwa sababu sehemu yake imenakiliwa kutoka kazi ya mtu mwingine bila kumtaja. Chini yake majina yetu mawili, bega kwa bega. Nani alinakili? Kimya.

Nikauliza. Mwenyekiti akanijibu kwa upole, "Sitoyen, tangazo linaondoa makala, halihukumu watu." Sitoyen, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana enzi zile.

Halihukumu! Kikaratasi kile kilitumwa kwenye kila maktaba iliyopokea jarida letu. Tume ya kupandisha vyeo ikasema makala iliyoondolewa haihesabiwi, na mtu mwenye jina kwenye tangazo kama lile, tungoje kwanza. Mtaani kwetu Saio, mjomba wa mke wangu aliniuliza mbele ya wageni nimeiba nini huko chuoni. Nilimeza aibu ile nikiwa na kisahani cha pondu, kisamvu chetu, mkononi.

Niliandika barua ya kudai masahihisho. Nikaandika ya pili. Kwa ya tatu wakachoka nami, wakachapa mistari miwili chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: ukurasa wa tisa mpaka wa ishirini ni kazi halali ya asistanti. Nani anasoma huko chini? Lakini kamati ilikubali vipimo vyangu virudi katika makala mpya, mradi maelezo ya chini ya ukurasa wa kwanza yaseme vilitoka wapi, makala ya kwanza ilikuwa ya nani na kwa nini iliondolewa. Nikaandika upya yote, historia ya malisho pia, nikimtaja yule bwana kilimo kila nilipomtumia. Miaka mitatu ilikuwa imekwenda. Wenzangu nilioanza nao walikuwa wamenipita.

Shefu naye, faili yake ya doktora ilirudishwa bila kupitishwa, na uongozi wa idara akanyang'anywa. Nisiseme uongo: nilifurahi.

Siku moja mchana akaja kwangu Saio. Mke wangu akampa kiti, akampa chai. Akainywa yote.

"Nasikia makala yako iko inatoka," akasema. "Tia jina yangu. Hata ya mwisho. Miye ndiye nilikutuma Fataki."

Nikachukua kikombe chake kitupu.

"Jina lako iko ndani tayari, muzee," nikamwambia. "Ukurasa wa kwanza, maelezo ya chini."